Nukta za Parabolic SAR zinapokutana na soko la renji

Ukiweka Parabolic SAR, kiashiria cha nukta zinazoifuata bei, kwenye MetaTrader utaona namba mbili: Step 0.02 na Maximum 0.2. Usizibadilishe kabla hujajua kazi yake. Nilipoanza nilizichezea kila wiki nikidhani dawa iko humo, na pesa iliendelea kutoka.

Nukta husogea hivi:

```
SAR mpya = SAR + AF × (EP − SAR)
```

EP ni bei ya mbali zaidi iliyofikiwa tangu uingie, yaani kilele ukiwa umenunua, au bonde ukiwa umeuza. AF ndiyo kiongeza kasi. Huanza na 0.02, hupanda kwa 0.02 kila EP mpya inapopatikana, na kikomo chake ni 0.20. Bei ikigusa nukta, unafunga na kugeuka upande wa pili. AF inarudi 0.02, na nukta ya kwanza inakaa pale pale EP ya zamani ilipokuwa.

Sasa chukua soko linalopanda na kushuka kati ya 100 na 104. Umeuza kwa 101.41, nukta ya kwanza iko 104. Mshumaa huo umeshuka hadi 101.2, inayofuata ikafika 100.8, 100.4, kisha 100. AF imefika 0.08 tu, na nukta iko 103.32. Hapo bei inageuka. Hakuna bonde jipya, kwa hiyo AF imesimama, lakini nukta bado inateremka: 103.06, 102.81, 102.59. Bei inaigusa hapo. Umeuza 101.41, umefunga 102.59, hasara ni 1.18, bado spredi. Papo hapo umenunua kwa 102.59, na safari ya kurudi inakutoa kwa 101.41. Hasara nyingine ya 1.18.

Yaani ndani ya renji unanunua juu ya katikati na kuuza chini yake, kila mara. Mwendo ni mfupi mno kwa AF kukua, hivyo nukta inachelewa. Ukipandisha Step hadi 0.05 itakaribia bei haraka, ila kwenye trendi nzuri mrejesho mdogo tu utakutoa mapema. Mimi siioni hiyo kama suluhisho.

Renji yenyewe hujionyesha kwenye chati. Tazama nukta ya kwanza baada ya kila mgeuko: zikianguka karibu na 104, 100, 104, 100, hizo ndizo kuta za renji, na nukta zimekuchorea. J. Welles Wilder, aliyetoa kiashiria hiki mwaka 1978, alitoa na ADX, kipimo cha nguvu ya trendi, mwaka huo huo. Mimi huweka ADX ya vipindi 14, na ikiwa chini ya 20 sifuati migeuko. Kama nina oda ya zamani iliyo kwenye faida, nukta naitumia kusogeza stopu losi tu. Ikiguswa natoka, na siingii upande wa pili.