Tengeneza nakala ya kupimia kabla hujapakia wasifu wako

Wadogo zangu mliomaliza chuo na sasa mnasaka kazi kwenye mashirika huku Kigoma, wengi wenu mmeshaambiwa kwamba wasifu husomwa na kompyuta kabla haujamfikia mtu. Ndiyo maana mnakimbilia tovuti za bure za kupima wasifu: unapakia faili, unabandika tangazo la kazi, baada ya muda mfupi unapewa alama kwa mia na orodha ya maneno yaliyokosekana. Sikukatazi kuzitumia. Ninachokukataza ni kupakia huko faili lile lile unalomtumia mwajiri.

Hapa Mwanga kazi yangu ni kuchapa na kupanga wasifu wa watu, kwa hiyo najua faili hilo lina nini ndani. Ukurasa wa kwanza una picha ya pasipoti, majina matatu, tarehe na mahali pa kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, namba ya NIDA na namba ya simu. Ukurasa wa mwisho una wadhamini watatu na simu zao, kisha tamko na sahihi. Na kwa kuwa tangazo lilisema viambatisho viwe faili moja, nyuma yake kuna cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo na cheti cha kuzaliwa. Mtu anapakia vyote hivyo ili aambiwe tu kwamba hakuandika "ufuatiliaji na tathmini".

Tovuti yenyewe inafanya kazi ndogo. Inachomoa maandishi kwenye faili lako, inayalinganisha na maandishi ya tangazo, inahesabu yaliyofanana. Dini yako haimo kwenye hesabu hiyo, wala simu ya mdhamini. Lakini faili lote limeshafika kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, mara nyingi nje ya nchi, na kabla ya kukuonyesha majibu wengi wanakutaka uweke barua pepe. Baadhi huandika wazi kwenye masharti yao kwamba watalihifadhi faili au kulishirikisha kwa washirika wao wa biashara. Kulifuta kwako kwenye simu hakufuti nakala yao.

Anza kuondoa yale ambayo huwezi kuyabadilisha yakishatoka. Laini ya simu unaweza kununua nyingine. Tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA na sahihi yako huwezi. Na hapa watu wengi hukosea. Dada mmoja kutoka Ujiji, mwenye stashahada ya maendeleo ya jamii, aliniletea nakala aliyodhani ameisafisha. Alikuwa amefuta tarehe ya kuzaliwa akaacha namba ya NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo alichofuta juu kilikuwa kimeandikwa mstari wa chini. Alikuwa pia ameficha jina la shule yake ya sekondari lakini akaacha namba ya mtihani wa kidato cha nne. Sehemu ya kwanza ya namba ile ni namba ya shule. Ukiwa nayo pamoja na mwaka, matokeo yapo wazi kwenye tovuti ya NECTA, somo kwa somo. Namba hiyo hiyo ndiyo anayotambuliwa nayo mwombaji wa mkopo Bodi ya Mikopo.

Simu za wadhamini alikuwa amezifunika kwa kisanduku cheusi. Nikamwambia, "Dada, hebu chagua maandishi yote hapo, nakili, ubandike kwenye Notepad." Namba zote tatu zikatokea, nyeusi juu ya nyeupe. Kisanduku kinaziba macho ya mtu tu; maandishi ya chini yake bado yapo, na tovuti inasoma maandishi, haioni kisanduku. Futa mstari wenyewe, usiufunike.

Wadhamini hao nawasisitizia sana, kwa sababu taarifa zao si zako. Mwalimu wako alikubali kupigiwa na mwajiri, hakukubali namba yake ikae kwenye kompyuta za watu wa tovuti. Na mtu aliyeshika wasifu mzima ana kila anachohitaji kwa utapeli wa ajira: anakupigia akikuita kwa majina matatu, anataja chuo chako na mdhamini wako, anasema umeitwa kwenye usaili, kisha anaomba utume hela ya fomu au ya vipimo vya afya. Utamwamini kwa sababu anajua mambo ambayo wewe mwenyewe uliyaandika kwa ajili ya mwajiri.

Tulichofanya na yule dada ni hiki. Tulihifadhi wasifu wake kwa jina jipya, kwa sababu jina la faili lenyewe lilikuwa majina yake matatu na namba ya simu. Tukafuta ukurasa wa wadhamini, picha, sahihi, vyeti vyote, na sehemu nzima ya taarifa binafsi. Juu tukaandika "Mwombaji", na simu ikawa 0700 000 000, kwa kuwa baadhi ya tovuti hupunguza alama zisipoona simu na barua pepe. Alipokuwa ameandika jina la shirika na kijiji alichojitolea, tukaweka "shirika lisilo la kiserikali, mkoa wa Kigoma", maana kwenye kijiji kidogo cheo na mwaka vinatosha kumtambulisha mtu. Majukumu yake, ujuzi, jina la kozi na miaka hatukuyagusa, kwa kuwa hayo ndiyo yanayopimwa.

Mwisho tukanakili maandishi yote na kuyahifadhi kama faili la .txt kwenye Notepad. Hatua hii ndogo ina faida kubwa. Faili la Word au PDF hubeba jina la mwandishi ndani yake, na la Word linaweza kubeba maoni ya pembeni na hata sehemu za picha ulizozikata. Maandishi matupu hayabebi kitu kati ya hivyo. Tovuti nyingi hukuruhusu kubandika maandishi badala ya kupakia faili, basi chagua hiyo.

Upungufu wake ni mmoja: maandishi matupu hayapimi mpangilio wa ukurasa. Hilo unalipima mwenyewe bila mtandao. Fungua PDF yako halisi, bonyeza Ctrl+A, Ctrl+C, ubandike kwenye Notepad. Ukikuta vyeo upande mmoja na miaka imerundikana chini peke yake, ujue jedwali au safu mbili ulizoweka zinavuruga usomaji, na kompyuta ya mwajiri huenda ikaona hivyo hivyo. Ondoa jedwali, rudia.

Kama ulishapakia wasifu mzima, ingia kwenye akaunti uliyofungua, futa faili, kisha futa na akaunti. Waandikie ukiwataka wafute nakala zao. Waarifu wadhamini wako. Kama namba yako ya siri ya M-Pesa au Airtel Money ni mwaka wako wa kuzaliwa, ibadilishe leo hii. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, na usiyoitambua nenda kaifungie kwa mtoa huduma. Ujumbe wa kitapeli ukija, tuma kwenda 15040. Na tovuti ikiwa ya hapa nchini na imekataa kufuta, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Namba ya NIDA utaombwa ukijisajili Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na huko unaijaza, mradi anwani uliyofungua iwe inaishia na ajira.go.tz.