Mipira puani kwenye picha ya mwisho ya mama

*Shangazi, mama ametutoka juzi. Katika picha yake ya mwisho anatabasamu vizuri sana, lakini yuko kitandani hospitalini na mipira puani. Nataka iwe kwenye jalada la ratiba ya mazishi, na nakuomba uniondolee hiyo mipira. Kaka yangu hataki, anasema tunambadilisha mama. Mchapaji anataka kila kitu keshokutwa. Inawezekana? Na ni sawa?*
*Kitinda mimba*

Mwanangu, pole sana kwa msiba. Nimeikuza picha uliyonitumia nikaipitia polepole. Inawezekana, ila kwenye pua nitahitaji msaada wenu.

Mashavuni hapanipi shida. Mpira wa oksijeni ni mwembamba, na ngozi ya mama inaonekana juu yake na chini yake, kwa hiyo nachukua ngozi ya hapo hapo pembeni na kufunika nayo. Wengi husahau kivuli. Mpira ukiondoka kivuli kikabaki, shavu linaonekana lina kovu. Karibu na sikio mpira umebonyeza ngozi, na hiyo alama nayo lazima iondoke.

Puani mambo ni mengine. Mpira wa chakula umepita tundu la kulia, na plasta inayoushikilia imefunika ncha ya pua. Chini ya plasta hakuna cha kufichua, kwa sababu kamera haikuiona ngozi ile. Fundi mwenye haraka atachora pua ya kukisia, nayo itapendeza, lakini itakuwa pua ya mtu mwingine. Watu hawataweza kusema kasoro iko wapi, ila watasema "mbona kama si yeye".

Kwa hiyo nitafutie picha tatu au nne za mama za miaka ya karibuni, uso umegeuka upande ule ule na mwanga unatoka upande ule ule. Awe anatabasamu, maana mtu akitabasamu pua hutanuka, na pua ya uso uliotulia haitakaa sawa juu ya tabasamu. Usinigeuzie picha kushoto kulia ili upande ulingane. Mama ana baka dogo kando ya pua, na ukigeuza linahamia upande wa pili. Dada zake wataliona kabla hawajasoma jina.

Sasa kaka yako. Nadhani hofu yake ina msingi, kwa sababu ombi kama lako huanzia kwenye mipira likaishia kwenye mashavu. Mipira na plasta alivishwa, si sehemu ya uso wake, na kuviondoa sioni kosa. Makunyanzi, wembamba wa ugonjwa na jicho moja lililofumba kidogo ni vyake, na hivyo sitavigusa hata ukiniomba. Ngozi sitailainisha, maana ikilainishwa inakuwa kama nta. Rangi nitarekebisha kidogo tu, kwa kuwa taa ya wodi imemtia umanjano ambao hakuwa nao.

Gauni la hospitali usiniombe nilibadilishe kwa nguo ya harusini. Shingo huwa haikubali: kichwa kimelala kwenye mto, mabega yamesimama. Nitakata picha juu kidogo ya ukosi, uso ujaze fremu.

Kuna jambo la haraka kuliko yote. Picha uliyonitumia imepita WhatsApp na imebanwa, upana wake ni nukta 720. Kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi, hizo zinatosha upana wa sentimita 6 tu. Jalada lenye picha ya sentimita 10 linataka karibu nukta 1,200. Mwombe aliyepiga aitafute kwenye simu yake mwenyewe aitume kama faili, si kama picha. Asipige picha ya kioo cha simu. Na asiifute hata baada ya kazi kwisha. Yenye mipira ni ya familia pia, huenda kaka yako ndiyo atakayotaka kubaki nayo.

Nikimaliza, usiidhinishe kwenye simu. Mwambie mchapaji atoe karatasi moja kwa ukubwa halisi, kisha mpe kaka yako aishike umbali wa mkono bila kumwonyesha ile ya kwanza. Jicho lake likienda kwenye pua badala ya macho ya mama, nirudishie nirekebishe. Picha za kuazima pua zikikosekana, nitakwambia mapema, nasi tutatumia picha ya zamani jalada la mbele.

Faili zinifikie leo jioni. Pua peke yake itanichukua saa kadhaa, na karatasi ya majaribio inahitaji kesho mchana.