Mchoro wa hesabu za bakteria: nguzo za Igombe hazionekani

“Wakuu, nina hesabu za E. koli kwa mililita 100 za maji ya ziwa. Mdomo wa Mto Mirongo: 1,000, 2,000 na 13,500. Igombe: 20, 30 na 45. Nikichora, nguzo za Igombe hazionekani. Nawasilisha Ijumaa.”

Ndugu, achana na nguzo. Tumia mhimili wima wa logi (10, 100, 1,000, 10,000, 100,000) na uchore kila sampuli kama nukta. Mhimili huo hauna sifuri, kwa hiyo urefu wa nguzo ungedanganya. Wastani wa kawaida wa Mirongo, 5,500, umevutwa na sampuli moja tu. Chukua wastani wa kijiometri:

```
=GEOMEAN(B2:B4)
```

Utapata 3,000, Igombe 30. Ikitokea `#NUM!`, kuna sifuri kwenye safu. Tafadhali usiifute, maana ukifuta unayachafua maji kwa makaratasi. Weka kikomo cha kipimo mahali pake, ichore hapo kwa duara tupu, na ulitaje duara hilo kwenye maelezo.

Maelezo ya mchoro: “Mchoro 1. E. koli kwa mililita 100, mdomo wa Mirongo na Igombe. Nukta ni sampuli moja; mstari ni wastani wa kijiometri (n = 3). Mhimili wima ni wa logi.”

Matokeo: “Wastani wa kijiometri ulikuwa 3,000 Mirongo (1,000–13,500) na 30 Igombe (20–45), tofauti ya mara 100.” Chanzo cha uchafu kisiingie hapa, kipeleke kwenye mjadala.