Anayeomba Pesa kwa Namba ya Rafiki Yako, Ni Yeye Kweli?

Mtu akiteka akaunti ya rafiki yako ya WhatsApp, anapata jina lake, picha yake na namba unayoiamini. Anachokosa ni mazoea yenu. Hajui mnasalimianaje, mnataniana vipi, wala huyo rafiki yako huwa anaanzia wapi anapokuwa na shida. Ndiyo maana ujumbe wa kwanza kabisa mara nyingi humfichua tapeli, hata kabla hajataja pesa, mradi usome kwa utulivu.

Nikupe mfano ulionikuta mwenyewe. Nina shoga yangu wa miaka mingi, majina yetu yanafanana, kwa hiyo ananiita "somo". Hajawahi kuniita vingine. Anaandika kwa vifupisho, vipande vipande, ujumbe mmoja anaugawa mara tatu: "Somo", halafu "upo?", halafu "2ongee bac". Siku moja mchana, kutoka kwenye namba yake hiyo hiyo, ukaingia huu:

"Habari za mchana rafiki yangu. Samahani kwa usumbufu, naomba unisaidie pesa kidogo nina dharura, nitakurudishia kesho asubuhi."

Uangalie vizuri. Kiswahili ni safi, nukta na mkato vipo mahali pake, na adabu imejaa. Ukiusoma peke yake hauna kasoro. Kasoro ni kwamba hauna mtu ndani yake. "Rafiki yangu" ni neno linalomfaa kila aliyemo kwenye orodha ya majina, na limechaguliwa kwa sababu hiyo, maana ujumbe huo huo unatumwa kwa watu wengi kwa mpigo. Tapeli hajui kama mimi ni dada, shangazi, bosi au jirani, kwa hiyo anakwepa kuniita chochote. Mpwa wako ambaye hajawahi kukuandikia bila shikamoo akianza na "Mambo vipi", hapo pia simama kwanza.

Kingine ni jinsi ombi lilivyokuja. Shoga yangu akikwama huzunguka sana. Ataniuliza habari za watoto, atalalamika kidogo, na mpaka afike kwenye pesa mimi nimeshajua. Huyu alifika kwa sentensi mbili na ahadi ya kurudisha imo humo humo. Kila mtu ana namna yake ya kuomba, wengine huenda moja kwa moja na ndivyo walivyo. Kwa hiyo linganisha ujumbe na mtu huyo mwenyewe unavyomjua.

Nilimjibu: "Pole. Mgonjwa anaendeleaje?"

Shoga yangu hakuwa na mgonjwa yeyote. Jibu likaja papo hapo: "Bado hali yake si nzuri, ndiyo maana nakuomba." Swali la namna hii lina nguvu kuliko kuuliza "Ni wewe kweli?", kwa kuwa hilo atakujibu "ndiyo mimi" na mtabaki palepale. Mwenyewe ukimuulizia mgonjwa asiyekuwepo atashtuka: "Mgonjwa gani tena?" Tapeli atalidaka, kwa sababu umempa sababu ya dharura aliyokuwa anaihitaji.

Lakini swali lako lisihusu jambo mliloandikiana, na hapa kuna kitu ambacho wengi hawakijui. Akaunti ya WhatsApp hutekwa zaidi kwa njia mbili. Ya kwanza, mwizi anaisajili namba kwenye simu yake baada ya kumlaghai mwenye namba ampe ile namba ya uthibitisho ya tarakimu 6 inayokuja kwa SMS. Hapo mwenyewe anatolewa kwenye akaunti. Mazungumzo ya zamani huwa yamebaki kwenye simu yake au kwenye nakala aliyoihifadhi, kwa hiyo mwizi hayaoni, ila anayaona magrupu aliyomo na watu wake. Huyu ndiye anayeandika "rafiki yangu".

Njia ya pili ni kuiunganisha akaunti na kifaa kingine, kama mtu anavyofungua WhatsApp kwenye kompyuta. Hapo mwenyewe anaendelea kutumia simu yake bila kujua lolote, na mwizi anaweza kusoma mliyoandikiana nyuma. Huyu anaweza kuniita "somo". Anaweza hata kuiga vifupisho. Kwa hiyo salamu ikiwa sawa, bado hujamaliza kazi.

Kitu ambacho hata huyo wa pili ni vigumu kukiiga ni mambo mawili: sauti ya mwenyewe, na pesa kwenda kwa mwenyewe. Nilipomwambia yule wangu kwamba nampigia, alijibu: "Usipige, niko kikaoni, tuandikiane tu." Dakika chache baadaye: "Umetuma?" Kisha: "Hata nusu yake tuma kwanza." Namba aliyotaka nitume pesa ilikuwa na jina la mtu nisiyemjua, eti laini yake ina tatizo. Mwenye shida ya kweli naye huharakisha, hilo sikatai, lakini haraka yake humfanya atake kuongea. Haraka ya tapeli inazuia simu, kwa sababu dakika mbili za maongezi zinamharibia kila kitu.

Kwa hiyo piga, tena piga simu ya kawaida. Usipige kwa WhatsApp, maana simu hiyo inaweza kuita kwa aliyeiteka akaunti. Asipopokea, mtafute mume, mke, ndugu au mfanyakazi mwenzake. Na kama laini yenyewe imehamishiwa kwa mwizi, hata simu ya kawaida itamfikia yeye, hivyo sauti ikiwa ngeni au simu ikikatwa, nenda kwa hao watu wa karibu. Nakuomba sana usimhukumu rafiki yako kwa mwandiko peke yake. Mtu akiwa amechanganyikiwa, au akiazima simu, au mtoto akimwandikia, mwandiko hubadilika. Mwandiko ukikutia shaka, kinachofuata ni kupiga simu.

Mimi nilipiga, akapokea akicheka kitu na watu wake. Hakujua lolote zaidi ya kwamba WhatsApp "imegoma" tangu asubuhi. Nilimwambia afungue WhatsApp aandike namba yake upya, asubiri SMS, aingize zile tarakimu 6. Akiziingiza tu, mwizi anatolewa. Huenda ikadai pia PIN ambayo mwenyewe hakuiweka, maana wezi huiweka ili kumchelewesha. Hapo atasubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuingia bila hiyo PIN, lakini hata katika siku hizo mwizi naye yuko nje. Akisharudi, aangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa, akiondoe kila asichokitambua, kisha aweke PIN yake mwenyewe ya uthibitishaji wa hatua mbili.

Wakati yeye anahangaika na hayo, wewe wapigie mlio nao kwenye magrupu, maana ujumbe huo huo umeshawafikia. Kama kuna aliyekwisha tuma, apige huduma kwa wateja ya benki au mtandao wake wa pesa hapo hapo na aombe muamala uzuiwe. Pesa ikishatolewa, kuirudisha ni vigumu sana.

Na mwizi akiona pesa haitoki kwako, anaweza kugeuza ombi: "Kuna namba nimetumiwa kwenye simu yako kwa bahati mbaya, nisomee." Hiyo ni namba ya uthibitisho ya akaunti yako. Ukimsomea, kesho ni wewe utakayekuwa unaomba pesa kwa watu wako.