Uzi: Thamani ya p ya 0.035 na "uhakika wa asilimia 96.5"

Swali: "Wadau, nimesoma utafiti wa dawa ulioandika p = 0.035. Mwenzangu anasema maana yake kuna uwezekano wa asilimia 96.5 kwamba dawa inafanya kazi. Utafiti mwingine wa dawa hiyo hiyo umepata p = 0.057 na kusema haifanyi kazi. Nimwamini nani?"

Ndugu, mwenzako amekosea, na waliohitimisha utafiti wa pili nao wamekosea. Kosa la mwenzako nalifahamu vizuri kwa sababu niliwahi kulifanya mwenyewe. Nilipoanza kazi ya uchambuzi wa takwimu niliandika katika rasimu ya ripoti kwamba uwezekano wa dawa kufanya kazi ulikuwa asilimia 97, kwa kuwa p ilikuwa 0.03, na aliyekuwa akinisimamia akairudisha rasimu hiyo ikiwa na maneno machache pembeni: "Asilimia 97 ya nini?" Nilihangaika na swali hilo siku mbili, mpaka nilipoacha vitabu nikachukua sarafu.

Tuseme umerusha sarafu mara 100 na upande wa picha ukatokea mara 61. Programu ya R inakokotoa p kwa mstari mmoja:

```r
binom.test(61, 100)$p.value
```

Jibu ni 0.035, sawa na la utafiti wako wa kwanza. Hesabu hii huanza kwa kuchukulia kwamba sarafu haielemei upande wowote, ndipo inauliza: sarafu ya namna hiyo ikirushwa mara 100, ni kwa kadiri gani tungetegemea iache 50 kwa hatua 11 au zaidi, iwe kwa kuzidi au kwa kupungua? Jibu ni kama mara 35 katika kila majaribio 1,000 ya namna hiyo. Hapo ndipo maana ya p inapoishia. Inaeleza matokeo yangekuwa ya nadra kiasi gani iwapo hakuna kitu chochote kinachoendelea, na kwa kuwa "hakuna kitu" ndilo sharti lililowekwa kabla hesabu haijaanza, hesabu hiyo haiwezi kugeuka ikatuambia uwezekano wa sharti lenyewe kuwa kweli.

Ili kupata uwezekano anaoudai mwenzako, unahitaji jambo ambalo p haina, yaani kujua sarafu zilizoelemea ni nyingi kiasi gani kabla hujarusha hata moja. Fikiria una sarafu 1,000, na 100 kati yake zimeelemea kiasi cha kutoa picha kwa asilimia 60, huku 900 zilizobaki zikiwa sawa. Kila moja unairusha mara 100, na unazitenga zile zote zenye p chini ya 0.05, ambayo kwa mirusho 100 ni zile zilizotoa picha mara 61 au zaidi, au mara 39 au pungufu. Katika zile 100 zilizoelemea utazinasa kama 46 tu. Katika zile 900 zisizo na kasoro, asilimia 3.5 zitaingia mtegoni kwa bahati, nazo ni kama 32. Mkononi una sarafu 78 "zenye maana kitakwimu", na 32 kati yake, yaani asilimia 41, hazina kasoro yoyote. Linganisha na ile asilimia 3.5 ambayo mwenzako angeitaja.

Sidai kwamba asilimia 41 ndiyo kweli ya utafiti wako. Badilisha mwanzo wa mfano, sarafu zilizoelemea ziwe 500 badala ya 100, na sehemu isiyo na kasoro miongoni mwa zilizonaswa inashuka hadi asilimia 7. Ziwe 10 tu, nayo inapanda hadi karibu asilimia 88. Kigezo cha p hakikubadilika hata kidogo katika hali hizo tatu. Kwa hiyo p ya 0.035 kwa dawa ambayo utendaji wake mwilini unafahamika na imeshapita majaribio kadhaa ni jambo moja, na p hiyo hiyo kwa dai lililookotwa kutoka katika rundo la madai ni jambo jingine kabisa.

Mfano huo unajibu pia swali lako la utafiti wa pili. Angalia kwamba sarafu 54 kati ya 100 zilizoelemea hazikunaswa, ingawa zina kasoro ileile ya zilizonaswa. Mirusho 100 ni michache mno kugundua kasoro ya kiasi hicho kila mara, na utafiti mdogo wa dawa una udhaifu huo huo. Kwa hiyo p iliyozidi 0.05 haithibitishi kwamba hakuna athari, na mwandishi anayeandika "dawa haifanyi kazi" kwa sababu hiyo peke yake amesema zaidi ya alichopima. Mstari wenyewe wa 0.05 ulienea kupitia kitabu cha mwanatakwimu Ronald Fisher cha mwaka 1925, na aliutaja kama kiwango kinachofaa kwa matumizi. Hakuna sheria ya maumbile inayoulazimisha.

Sasa rudi kwenye sarafu. Picha 60 katika mirusho 100 zinatoa p ya 0.057, na picha 61 zinatoa 0.035. Tafiti zako mbili, kama zingekuwa sarafu, zingetofautiana kwa mrusho mmoja tu, ilhali moja imetangazwa ushindi na nyingine kushindwa. Ukiziunganisha unapata picha 121 katika mirusho 200, na p inashuka hadi karibu 0.004. Zile zinazoonekana kupingana zinaungana mkono. (Kwa dawa halisi, kuunganisha kunakubalika tu kama wagonjwa, dozi na kipimo vinafanana.)

Lipo kosa moja zaidi ambalo vyombo vya habari hulipenda, la kuiona p ndogo kama ishara ya athari kubwa. Picha 5,106 katika mirusho 10,000 nazo zinatoa p ya 0.035. Sarafu ya kwanza ilitoa picha asilimia 61, na mipaka ya makadirio ya asilimia 95, yaani eneo la thamani zinazopatana na matokeo hayo, ilikuwa kama 51 hadi 71. Hii ya sasa inatoa asilimia 51, na mipaka yake ni 50.1 hadi 52. Ya kwanza huenda imeelemea sana au kidogo tu, hatujui. Ya pili tunajua kwa usahihi mkubwa kwamba hata kama imeelemea, ni kidogo mno. Yote hayo yamefichwa na p moja.

Kabla hujaziamini hata hizo p, hesabu ni vipimo vingapi vilivyochukuliwa. Niliwahi kuletewa muhtasari wenye p ya 0.03, na nilipofungua majedwali ya nyuma nikakuta mambo 20 yamepimwa na hilo ndilo pekee lililotajwa. Kwa vipimo 20 visivyotegemeana vya kitu kisicho na athari yoyote, uwezekano wa angalau kimoja kushuka chini ya 0.05 ni asilimia 64. Namna ya kugundua ni kulinganisha matokeo yanayotajwa mwanzoni mwa ripoti na kipimo kikuu kilichoandikishwa kabla utafiti haujaanza.

Kama ripoti hizo mbili bado unazo, weka hapa idadi ya wagonjwa wa kila kundi, wangapi walipona, na mipaka ya makadirio ya asilimia 95 ya kila moja. Nikiona mipaka hiyo inaingiliana kwa sehemu kubwa, nitajaribu kuziunganisha hapa hapa kwenye uzi.