Shira za kahawa na sosi ya chokoleti: vipimo ninavyotumia na siku zinazokaa

"Wakuu habari, nina kibanda cha kahawa ya baridi, nimeanza kujipikia sirapu za vanila na iliki maana za dukani bei imenishinda. Nachemsha kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, naweka kwenye chupa, siku ya sita naona utando mweupe shingoni. Nakosea wapi? Na sosi ya chokoleti nayo inapikwaje na inakaa muda gani?"

Mkuu huo utando ni ukungu, na umenikumbusha mwaka wangu wa kwanza, nilimwaga lita kibao kabla sijaelewa. Una makosa mawili hapo na yote ni ya maji, sukari yako haina shida.

La kwanza ni kikombe. Kikombe cha sukari kina gramu kama 200 hivi, kikombe hicho hicho cha maji kina 240, kwa hiyo unadhani umeweka nusu kwa nusu kumbe sukari ni kama asilimia 45 tu. Sukari ndiyo inayozuia shira isiharibike, maana inayashika maji mpaka vijidudu vinakosa ya kunywa, sasa ikiwa nyepesi namna hiyo ukungu unaiona kama juisi tu. Nunua mizani ndogo ya jikoni, pima kila kitu kwa gramu, maji pia (mililita moja ya maji ni gramu moja, hapo hamna hesabu).

Sasa usije ukakimbilia upande wa pili ukaweka sukari mbili kwa maji moja kama wengi wanavyoshauri. Nilifanya hivyo, ikakaa vizuri sana nje, nikaiweka kwenye friji baada ya siku kadhaa chini ya chupa kuna mawe ya sukari na pampu imeziba. Maji ya baridi hayabebi sukari nyingi kama ya moto, na ile mbili kwa moja ni karibu asilimia 67, ambayo kwenye friji imeshapita kiasi. Mnaopika visheti mnajua, ile shira tunaitaka ikauke iwe nyeupe juu ya kisheti, ya kahawa hatutaki hivyo kabisa.

Mimi nimetulia kwenye kilo moja ya sukari kwa gramu 600 za maji. Hiyo ni asilimia 62 na nusu, nzito ya kutosha kukaa na bado hairudi kuwa chenga kwenye friji. Nakamulia na ndimu kijiko kimoja cha chai wakati inachemka, ile asidi inaivunja sukari kidogo ndo maana haigandi kirahisi, kwenye kahawa huisikii.

Chukua iliki kwa mfano. Punje kama 20 nazipasua tu sizisagi, nazichemsha kwenye maji kama gramu 700 dakika tano, nafunika nazima moto naacha dakika 20, nachuja kwa kitambaa. Halafu hapa ndo watu wengi wanapotelezea, ule mchujo unaupima tena! Iliki imekunywa maji na mvuke umeondoka na mengine, kwa hiyo ukikuta 560 unaongeza maji mpaka 600, ukikuta 640 unapunguza hayo 40. Ndo unaweka sukari kilo moja na ndimu, unakoroga mpaka iyeyuke, ikianza tu kuchemka unaacha dakika moja unazima. Ukiiacha itokote robo saa maji yanaondoka unarudi kulekule kwenye mawe. Ya vanila ni hivyohivyo ila hamna cha kuloweka, na vanila ya chupa unaweka moto ukishazimwa na shira imepoa kidogo, ukiweka inachemka harufu yote inabaki jikoni kwako mteja anakunywa sukari.

Hapo unapata kama lita moja na robo pungufu kidogo. Kumbuka hii ni tamu kuliko uliyozoea, kama ulikuwa unaweka mililita 20 za ile ya nusu kwa nusu, hii weka 15 utamu unakuwa uleule. Kwa hiyo vikombe kama 80 kwa kilo ya sukari, piga hesabu yako mwenyewe.

Kosa la pili, na nina uhakika unalifanya kwa sababu utando umeanzia shingoni, unafunga kifuniko shira ikiwa ya moto chupa haijajaa. Mvuke unapanda unagonga kifuniko unarudi matone ya maji matupu, yanakaa juu ya shira bila kuchanganyika, hapo juu sasa pamekuwa pepesi hata kama chini ni nzito. Ukungu unaanzia hapohapo. Mimi chupa ya kioo naichemsha, naiacha ikauke kabisaaa, namimina shira, nafunika mdomo kwa kitambaa safi mpaka ipoe ndo nafunga, halafu naigeuza juu chini mara mbili tatu.

Muda sasa. Hii nzito ya vanila kwenye friji naipa miezi miwili, ya iliki au mdalasini mwezi mmoja. Ya tangawizi mbichi wiki mbili tu, na tangawizi lazima uichemshe vizuri kwanza la sivyo inakatisha maziwa, nimeshamharibia mteja late yake hivyo. Ile nyepesi ya nusu kwa nusu, kwa gramu sio kikombe, wiki mbili kwenye friji basi. Nje kwa joto la Dar mimi naweka mezani ya siku hiyo tu, jioni iliyobaki chupani sirudishi kwenye chupa kubwa. Ukiona ukungu mwaga yote usichote juu ukaendelea, ukiona povu dogodogo au harufu ya pombe hiyo imeshachacha, na ikiwa ilikuwa angavu sasa ina ukungukungu kama maji ya mchele usiionje hata.

Chokoleti ni habari nyingine kidogo. Tumia unga wa kakao mtupu, sio ule wa kinywaji uliochanganywa na sukari na maziwa, huo unakuwa uji. Gramu 100 za kakao, sukari 300, maji 250, chumvi kibano. Changanya kakao na sukari vikiwa vikavu kwanza, hizo punje za sukari zinaitenganisha kakao isifanye madonge, halafu mimina maji ya moto kidogo upate kama tope zito, likilainika ndo unamalizia maji. Moto mdogo, koroga bila kuacha, inapanda ghafla kama maziwa so sufuria iwe kubwa. Ikichemka dakika tatu zima, chuja. Itaonekana nyepesi, usiogope na usiendelee kupika, ikipoa inashika yenyewe. Nilivyokuwa sijui nilipika mpaka ikawa nzito jikoni, kesho yake haitoki chupani.

Sukari yake haifiki ile ya shira na kakao nayo ni chakula, kwa hiyo kwenye friji wiki mbili mwisho. Ukipikia maziwa badala ya maji ni tamu zaidi kweli, lakini siku tano tu na isitoke kwenye friji muda mrefu, umeme ukikatika siku nzima mimi namwaga. Kwa kahawa ya baridi iyeyushe kwanza kwenye ile kahawa ya moto kidogo kabla hujaweka barafu, ukiimwaga juu ya barafu inaganda chini ya glasi.

Na pampu mkuu, usijazie shira mpya juu ya masalia ya zamani. Chupa ikiisha ioshe na maji ya moto pamoja na ule mrija wa pampu ndani, nilishawahi kutupa chupa tatu mfululizo kumbe ukungu ulikuwa umejificha mle.