Mwambie akiwa peke yake, na uende na daftari

"Baba, bosi anawaahidi wateja kwamba mzigo utatoka bandarini ndani ya siku mbili, na mimi hata hati sijaziona. Mambo yakikwama, ananilaumu mbele ya mteja. Nikimwambia ukweli naogopa atanichukia. Nifanyeje?"

Mwanangu,

Nilipokuwa napanga safari kwenye yadi ya malori, bosi wetu alikuwa na tabia ya kuagiza gari litoke kabla fundi hajalimaliza. Siku moja kikaoni akauliza kama kuna mwenye la kusema. Nami kwa ujinga wangu nikaamini anauliza kweli. Nikasema, "Tatizo ni ratiba zako, mzee." Madereva wakaangua kicheko. Yeye akajibu "sawa" tu. Kwa miezi mitatu iliyofuata maagizo yangu yalikuwa yanapitia kwa fundi. Nililosema lilikuwa kweli, ila yeye hakusikia habari za ratiba, alisikia kicheko.

Kwa hiyo usilisemee mbele ya mtu, na kabla hujalisema, lihesabu. Chukua mizigo kumi ya mwisho. Kwa kila mmoja andika siku bosi alipomwahidi mteja, siku hati ya shehena ya asili ilipofika, siku kadhia, yaani tamko la mzigo, ilipowasilishwa forodhani, na siku mzigo ulipotoka. Tuseme utakuta sita aliiahidi hati zikiwa bado njiani. Lakini huenda pia ukakuta miwili uliichelewesha wewe. Hiyo miwili usiifiche, maana yeye ataikumbuka kabla hujamaliza sentensi.

Halafu uliyoniletea ni mambo mawili: ahadi, na lawama mbele ya mteja. Usiyabebe siku moja. Anza na ahadi, kwa sababu ni habari ya kazi na ina hesabu. La lawama linagusa heshima, na ahadi zikinyooka, huenda lawama zenyewe zikapungua.

Usimwendee bosi wakati mteja anafoka kwenye simu, wala usimwandikie wasapu. Ujumbe hauna sauti, na unaweza kusambazwa. Mwambie hivi: "Bosi, naomba dakika kumi na tano kesho asubuhi. Ni kuhusu siku tunazowaahidi wateja." Taja jambo lenyewe, asije akalala akidhani unaacha kazi.

Ukishaingia na kusalimia, usizunguke sana. Sema kama hivi: "Katika mizigo kumi ya mwisho, sita tuliahidi itatoka ndani ya siku mbili, hati ya asili ikiwa haijafika. Yote sita ilichelewa, na minne ikalipiwa gharama za kukaa bandarini. Miwili mingine nilichelewesha mimi, nimeshaona wapi. Naomba tujaribu mwezi mmoja: tumwambie mteja siku mbili kuanzia hati zinapokamilika. Wewe unalionaje?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo pagumu, utatamani kuongezea maneno ya kulainisha. Mwache afikiri.

Maneno mawili yaache nyumbani. "Kila mara wewe..." litamfanya atafute siku moja ambayo hakufanya hivyo, na ataipata. "Hata wenzangu wanasema" litamfanya aanze kutafuta ni nani.

Naye huenda akakwambia usilolijua, kwamba mteja fulani alikuwa anahamia kwa wakala mwingine na ahadi ndiyo iliyomzuia. Usibishane. Omba kidogo zaidi: "Basi kabla hujaahidi, nipigie nikwambie hati ziko wapi." Hilo linamwachia uamuzi, nawe linakutosha.

Akikuuliza kuhusu hesabu zako, amesikia. Akiuliza nani kakutuma, funga daftari, mshukuru kwa muda wake, utoke. Akisema "nimekuelewa" na kusimama, usirudie lile lile kesho yake. Subiri mwezi uishe umpelekee mizigo mingine kumi. Na siku atakapomwambia mteja asubiri hati, mwambie kesho yake: "Jana ulivyomweleza yule mteja, leo hajapiga simu hata mara moja."

La lawama lifuate baadaye, kwa tukio moja tu: "Jumanne uliponiuliza mbele ya mteja, nilishindwa kueleza kwamba hati haijafika, maana ningekupinga mbele yake. Naomba tuulizane ndani kwanza."

Ila akikuambia ushushe thamani ya mzigo kwenye kadhia, hayo tena si maoni ya kumpelekea kwa upole. Hilo ni kosa la kisheria na jina lako limo humo. Kataa, tunza nakala, unipigie.

Orodha ikishakuwa tayari, nisomee kwenye simu kabla hujaingia. Nitajifanya bosi, na nitafoka kidogo.

Baba yako